Chekechea ya Dada Yangu na Mlango Unaofunguka kwa Wenye Hati Tu

Februari 2023 nilikuta karatasi imebandikwa kwenye geti la dada yangu. Karatasi ya A4, muhuri wa bluu, maneno machache: kituo hiki hakijasajiliwa, kifungwe ndani ya siku 14. Dada alikuwa amesimama pembeni na sufuria ya uji mkononi, na ndani watoto 31 walikuwa wanaimba herufi. Hakunilalamikia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Mdogo wangu, wewe ndiye umesoma. Huo usajili unaanzia wapi?"

Kiukweli sikujua. Miezi kumi na tano iliyofuata ndiyo iliyonifundisha. Naandika haya kwa sababu wengi wetu humu tuna dada, mama au shangazi anayefanya kazi ileile, na kwa sababu kila nikifungua redio nasikia kiongozi akitamka "tutavifunga vituo bubu" kama vile amegundua dawa ya malaria. Basi ngoja niwaambie vituo vinakuwaje bubu. Mimi nimekaa kwenye mabenchi ya ofisi zao, nimeona ulimi unavyokatwa.

Kwanza mjue ni kituo gani. Hapa ni pembezoni mwa Dar es Salaam, uswahilini, nyumba ya kupanga yenye sebule, chumba kimoja kikubwa na uwanja mdogo. Dada alianza 2019 na watoto sita wa majirani. Wazazi ni mama ntilie, wauza samaki wanaoamka saa tisa usiku kuwahi Feri, mabinti wa viwandani, na dereva bodaboda mmoja aliyeachiwa mtoto. Ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi, na asiye nayo kwa mkupuo analipa kidogokidogo. Watoto ni wa miaka miwili hadi mitano. Wanakunywa uji, wanalala mchana, wakubwa wanashika penseli. Mtaani tunaita chekechea, wengine wanasema shule ya vidudu. Serikali haijui iite nini, na hapo ndipo safari yetu ilipoanza kupinda.

Ofisi mbili, mtoto mmoja

Tulianza kwa Afisa Elimu Kata. Mtu mstaarabu, akatusikiliza, akatuelekeza halmashauri kwenye idara ya elimu awali na msingi. Kule tukaulizwa swali la kwanza: watoto wana umri gani? Dada akajibu. Afisa akafunga daftari lake. "Hawa wadogo si wetu. Hao ni wa ustawi wa jamii."

Tukavuka korido. Ofisi ya ustawi wa jamii wakauliza swali lao: watoto wanafanya nini? Dada, kwa majivuno ya mtu anayeipenda kazi yake, akasema wanajifunza kusoma, wana sare, na mwisho wa mwaka wana mahafali. "Aa, basi hiyo ni shule. Nendeni elimu."

Msidhani walikuwa wanatutania. Wote wawili walikuwa sahihi kwa karatasi zao. Shule ya awali iko chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, na anayeisajili ni Kamishna wa Elimu. Kituo cha kulelea watoto mchana kiko chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na huko mwenye mamlaka ni Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Wizara mbili, makamishna wawili, fomu tofauti, wakaguzi tofauti. Mtoto wa miaka mitatu asubuhi akishika penseli ni wa wizara hii, mchana akilala ni wa wizara ile. Ila mwili wake ni mmoja, na anayemfuta kamasi ni mmoja.

Tulirudishwa kwenye ile korido mara nne. Mwisho afisa mmoja kijana alituonea huruma, akatunong'oneza ukweli ambao ulitakiwa uwe umebandikwa mlangoni: chagueni upande. Kama mnataka shule ya awali, jiandaeni kama watu wanaojenga shule. Kama mnataka kulea tu, ondoeni neno "shule" kwenye kibao, acheni sare, acheni mahafali, na waliofikisha umri wa awali wapelekwe shule ya msingi ya serikali. Ndipo mtaingia kwa mlango wa ustawi.

Kabla ya kuchagua, tuliupima kwanza ule mlango wa elimu. Una hatua tatu, na haziwezi kurukwa. Hatua ya kwanza ni kibali cha kuanzisha shule. Unaandika barua kwa Kamishna wa Elimu, inapita kwa mkurugenzi wa halmashauri, na unaambatisha uthibitisho wa kumiliki ardhi, michoro ya majengo na nyaraka za taasisi yako. Hatua ya pili ni kuthibitishwa watu: mwenye shule ana fomu yake, meneja wa shule ana yake, na vyeti vya elimu vya meneja vinapekuliwa. Hatua ya tatu ndiyo fomu ya kusajili shule yenyewe, ambayo haiendi mpaka majengo yamesimama na samani ziko ndani, walimu wenye vyeti wamepatikana, mhandisi na afisa afya wametoa taarifa zao, na mthibiti ubora wa shule amekagua na kuandika.

Soma tena hatua ya kwanza. Uthibitisho wa kumiliki ardhi. Dada yangu amepanga. Mwenye nyumba wake, mzee mstaafu, hana hati miliki. Ana leseni ya makazi, ile karatasi waliyopewa watu wa maeneo yasiyopimwa. Leseni ile inasema makazi. Hata angekuwa na hati kamili yenye matumizi ya makazi, angetakiwa kuomba kubadilisha matumizi ya ardhi kwa taratibu za Sheria ya Mipangomiji ya 2007, kwa ada na matangazo, ili kiwanja cha kulala kiwe kiwanja cha kusomea. Sasa niambie, ni mzee gani atageuza nyumba yake aliyotegemea kufia iwe shule ya mpangaji?

Hapo mlango wa kwanza ukafungwa. Haukufungwa kwa sababu ya watoto, wala choo, wala mwalimu. Umefungwa na karatasi ya ardhi, kwenye mji ambao serikali yenyewe imeacha sehemu kubwa ya watu wajenge bila kupimiwa. Kwanza hukunipimia, halafu unanihukumu kwa kutopimwa!

Siku afisa afya alipokuwa sahihi

Tukaenda mlango wa ustawi. Barua, katiba ya kituo, maelezo ya mtaa kutoka kwa mtendaji, mkataba wa pango, majina ya walezi na vyeti vyao. Halafu wakaja kukagua jengo. Na hapa, ndugu zangu, lazima niwe mkweli, maana siasa ya kudanganyana haitatufikisha popote.

Afisa afya alipima sebule kwa futi yake. Mita 5 kwa 4, yaani mita za mraba 20. Chumba cha pili, mita 3.5 kwa 3, yaani 10.5. Jumla mita za mraba 30 na nusu. Akauliza watoto wangapi. Dada akasema 31. Afisa hakupiga kelele. Akamwambia, "Wakilala mchana, hebu nipangie magodoro niyaone."

Tukayapanga. Godoro la mtoto ni sentimita 120 kwa 60, karibu robo tatu ya mita ya mraba. Magodoro 31 yanakula mita 22 za mraba na ushee. Yalijaa ukuta kwa ukuta, mpaka mlezi akitaka kumfikia mtoto wa mwisho anaruka vichwa vya wengine. Hapo dada mwenyewe alikaa kimya, na mimi nilikaa kimya. Kipimo hicho hakihitaji kitabu cha serikali. Mzazi yeyote anaweza kwenda saa saba mchana, wakati wa kulala, akaangalia kama mtu mzima anaweza kutembea katikati ya watoto bila kumkanyaga mmoja. Kama hawezi, kituo kimejaa kupita kiasi.

Akaonyesha la pili. Mlango ulikuwa mmoja, una geti la nondo, unafunguka kwa ndani, na mchana dada alikuwa anaweka kufuli ili watoto wasitoroke barabarani. Madirisha yote nondo. Jiko la mkaa lilikuwa kibarazani, hatua mbili kutoka kwenye mlango huohuo. Afisa akauliza: "Moto ukianzia hapa jikoni, unatokea wapi?" Tunakumbuka Septemba 2020 kule Kyerwa, Kagera, watoto 10 walivyokufa kwa moto bwenini. Nani atasimama aseme swali hilo ni urasimu? Mimi siwezi.

La tatu, choo. Tundu moja la watu wazima kwa watoto 31, na maji ya ndoo. Mtoto wa miaka mitatu anaogopa lile shimo, kwa hiyo anajisaidia pembeni, na mkono unaenda moja kwa moja kwenye uji. Ukiona kituo ambacho kila wiki watoto watatu wanne wanaharisha, usihangaike na maombi, kaangalie choo na mahali pa kunawia.

Dada alirekebisha yote. Alipunguza watoto kutoka 31 hadi 24, na kuwaambia wazazi saba watafute pengine kulimliza siku mbili. Alijenga matundu mawili madogo ya watoto kwa shilingi 640,000. Alimwomba mwenye nyumba atoboe mlango wa pili wa uani, unaofunguka kwa nje na komeo juu ambako mkono wa mtoto haufiki: 220,000 na fundi. Jiko likahamia nyuma. Tangi la maji lenye bomba 190,000, mitungi miwili ya kuzimia moto 160,000, wakili na nakala 60,000, vipimo vya afya vya walezi 30,000. Jumla 1,300,000.

Hebu tuifanye hesabu ya biashara yenyewe. Watoto 24 kwa 30,000 ni 720,000 kwa mwezi, kama wote wamelipa. Pango 200,000. Walezi wawili, kila mmoja 150,000. Uji, mkaa, sabuni, 120,000. Inabaki 100,000, na hiyo ndiyo mshahara wa dada. Kwa hiyo marekebisho yale ni jasho lake la miezi 13 bila kula. Alikopa kikundi cha kinamama akayafanya, kwa sababu aliona kwa macho yake kuwa ni ya kweli. Shikeni hilo, tutalirudia.

Fomu ya walezi na biashara ya vyeti

Kisha ikaja fomu ya watumishi. Jina, elimu, mafunzo, cheti, kazi anayofanya. Mlezi mmoja wa dada amesomea malezi chuoni, ana cheti. Wa pili ni mama wa miaka hamsini na ushee aliyelea watoto maisha yake yote, hana hata karatasi. Dada mwenyewe ana kidato cha nne. Yeye ndiye mkuu wa kituo, na safu ya mafunzo mbele ya jina lake ilikuwa tupu.

Haikupita wiki, simu ikaita. Mtu ambaye hatukumpa namba. Anasema ana mwalimu mwenye cheti cha daraja la A, hana ajira, kwa 100,000 kwa mwezi cheti chake kitakaa kwenye faili letu. Si lazima aje kazini. Siku ya ukaguzi tu anakuja, anavaa vizuri, anasimama mbele ya ubao, anaondoka. "Wote wanafanya hivyo," akasema, kwa sauti ya mtu anayekusaidia.

Nilipouliza mtaani, nikagundua hakunidanganya sana. Iko shule moja ya maana si mbali na hapo, ina geti la umeme, ina basi la njano, ina cheti ukutani. Wazazi wanaolipa mamilioni hawajui kwamba mwalimu aliyemo kwenye faili si anayemfundisha mtoto wao. Anayefundisha ni binti wa kidato cha nne anayelipwa chini ya mlezi wa dada yangu.

Kuijua janja hii si kazi ngumu kwa mkaguzi anayetaka kuijua. Asiulize cheti, cheti kipo. Aombe daftari la mahudhurio ya walimu la mwezi uliopita, alinganishe saini na ile ya kwenye mkataba. Aombe orodha ya michango ya NSSF. Halafu amwite mtoto wa miaka minne amuulize, "Mwalimu wako anaitwa nani?" Mtoto hajafundishwa bado kusema uongo wa ofisini. Na mkaguzi aje Jumanne asubuhi bila taarifa, sio Ijumaa baada ya kupiga simu siku tatu kabla.

Kiwango cha serikali kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Ni kiwango kizuri. Lakini kwenye shule nyingi za serikali hizihizi tunazoambiwa tuwapeleke watoto, darasa la awali lina watoto wengi kuliko hao, mwalimu ni mmoja, na anayethibitisha ubora ni serikali ileile inayotubandikia karatasi getini. Dada ana watu wazima watatu kwa watoto 24. Kwenye fomu, yeye ndiye mwenye upungufu.

Dada alikikataa kile cheti cha kukodi. Akaandika ukweli kwenye fomu: hana mafunzo, ana uzoefu wa miaka minne, yuko tayari kusoma. Naamini kwa uaminifu huo ndio aliojiponza.

Mafuta ya gari na faili lisilo na miguu

Mkaguzi wa mwisho alitakiwa kuja kuhakiki marekebisho. Tukaambiwa gari la ofisi halina mafuta. Nikauliza tufanyeje. Jibu: "Nyie si ndio mna haraka?" Shilingi 50,000. Hakuja. Mara ya pili 50,000, akaja mwingine akasema yeye si mhusika. Mara ya tatu 50,000, akaja, akakagua, akasema mambo mazuri, akaondoka bila kuandika chochote.

Nakiri hapa mbele yenu: nilitoa, na nilikosea. Sikujua kanuni rahisi ambayo leo namwambia kila mtu. Malipo ya serikali yana kontroli namba, unalipia benki au kwenye simu, risiti inatoka. Kama afisa anakuomba hela na haina kontroli namba, hiyo si ada. Ni rushwa, hata ikiitwa mafuta, maji au "ya wazee". TAKUKURU namba yao ni 113, kupiga ni bure.

Kosa langu la pili lilikuwa kupeleka barua bila kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mwezi wa saba faili letu "halikuonekana". Si kwamba limepotea, hapana, halionekani tu. Tukaanza upya. Safari hii kila karatasi nilipeleka nakala mbili, moja inabaki masijala, nyingine inagongwa muhuri na tarehe, naondoka nayo. Unaweza kuona ni jambo dogo. Lakini mtu akiwa na karatasi yenye tarehe, lugha ya ofisini inabadilika. "Hatujapokea" inakufa palepale.

Mpaka Mei 2024, miezi kumi na tano tangu ile karatasi ya getini, hatukupewa cheti na hatukupewa barua ya kukataliwa. Kila tukienda, "liko mezani". Meza ya nani, hakuna anayesema. Mpaka naandika haya, hali ni ileile. Na huu ndio moyo wa hoja yangu. Wakitukataa kwa maandishi, tutajua tumekosa nini, tutarekebisha au tutakata rufaa. Ukimya hauna rufaa. Ukimya unamwacha dada yangu akiwa mhalifu kila asubuhi anapofungua geti, na kila anayepita na kitambulisho shingoni anaweza kuomba chochote.

Walipofunga, watoto walienda wapi?

Mwaka jana wakaja tena, dada akafunga kwa wiki moja kwa hofu. Nilipita kwa wazazi kuwataarifu. Kwa mama mmoja muuza samaki nilimkuta mtoto wake wa miaka mitatu uani, analelewa na dada yake wa darasa la tatu. Siku ya shule, saa nne asubuhi. Yule binti alikuwa amemfunga mdogo wake kiunoni kwa khanga ili asifike kisimani wakati yeye anaosha vyombo. Nikamuuliza shule vipi. Akasema, "Si chekechea imefungwa?"

Hapo ndipo nilipoielewa sera yote ya nchi hii kuhusu malezi. Serikali ilizindua Desemba 2021 programu kubwa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kitabu kizuri, kimeandikwa vizuri. Lakini ikifunga kituo cha watoto 24, watoto 24 hawayeyuki. Wanarudi kwa madada zao wa darasa la tatu. Takwimu ya "vituo bubu vilivyofungwa" inapanda, na mahudhurio ya shule ya msingi yanashuka, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili kwa sababu yako kwenye korido mbili tofauti.

Wataniambia nataka kushusha viwango

Najua jibu lao tayari. Msemaji atasimama aseme vijana wa upinzani wanataka watoto walelewe mabandani. Hapana. Nimewasimulia kwa makusudi siku ya magodoro. Kila kitu kinachomgusa mtoto, dada alikifanya kwa mkopo: nafasi, mlango wa pili, choo, maji, moto. Hivyo viwango vibaki, na tena viwe vikali, na vikaguliwe bila taarifa. Vilivyomshinda ni vile visivyomgusa mtoto hata kidogo: hati ya kiwanja, korido mbili, faili lisiloonekana, gari lisilo na mafuta. Mfumo wa sasa unachuja umaskini, na hatari inapita katikati ya tundu za chujio, imevaa cheti cha kukodi.

Kwa hiyo tunadai mambo manne, na tunayataka yaingie kwenye kampeni ya kila mgombea wetu wa udiwani, maana hapo halmashauri ndipo yanapoanzia.

La kwanza, dirisha moja. Mwombaji apeleke maombi sehemu moja halmashauri, elimu na ustawi wakae meza moja, waamue wenyewe mtoto ni wa nani. Ukaguzi uwe wa siku moja, afisa afya, ustawi na mthibiti ubora waje pamoja, kwa gari moja, kwa mafuta ya bajeti.

La pili, daraja la kituo kidogo cha nyumbani, chenye watoto wasiozidi 25. Hapo mkataba wa pango na barua ya serikali ya mtaa vitoshe badala ya hati. Jengo lipimwe kwa usalama wake, mwenye ardhi atajulikana baadaye.

La tatu, jibu la maandishi ndani ya siku 30. Kama kuna upungufu, uorodheshwe mmoja mmoja na muda wa kurekebisha. Siku 30 zikipita kimya, mwombaji apewe kibali cha muda, na aliyekalia faili aulizwe yeye.

La nne, njia ya kusoma ukiwa kazini. VETA inarasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia gereji na jikoni, anapimwa anachojua, anapewa cheti. Kwa nini yule mama wa miaka hamsini aliyelea nusu ya mtaa asipimwe hivyo hivyo? Mpe mafunzo ya jioni ya huduma ya kwanza, lishe na michezo ya watoto, mpime, mpe karatasi. Hapo biashara ya vyeti vya kukodi itakosa wateja.

Na wewe unayesoma, kama kwenu kuna chekechea isiyo na cheti, usisubiri sisi tuingie madarakani. Leo saa saba mchana nenda kapange magodoro. Hesabu milango. Angalia choo. Panapofaa, msaidie mwenye kituo aandike barua, na hakikisha nakala yake imegongwa muhuri wenye tarehe. Pasipofaa, mwambie ukweli kama afisa afya alivyotuambia sisi.

Dada amefungua tena. Bado hana cheti. Ana mlango wa pili unaofunguka kwa nje, ana bahasha ya nakala tano zenye mihuri, na watoto 24 wanaofahamu jina la mwalimu wao. Wakija na karatasi nyingine ya siku 14, watatukuta getini, na bahasha yetu mkononi.